Kapcha ya ukurasa wa 300: kinachohojiwa ni mwendo wako

Siku hizi ukiketi na vijana wanaoandika programu hapa Kisumu, au kule Nakuru, hukosi kusikia habari ya "kuua kapcha". Mtu ana skripti inayopita kwenye tovuti ikikusanya bei, ratiba au matangazo ya kazi. Inakwenda vizuri kwa muda, kisha katikati ya kazi tovuti inaacha kutoa kurasa na kuleta kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, au picha tisa zinazotaka uchague zenye taa za barabarani. Papo hapo mazungumzo yanageukia dawa. Kuna huduma za kulipia zenye watu mahali fulani duniani wanaotatua mafumbo hayo kwa takriban dola 1 hadi 3 kwa kila mafumbo 1,000, kuna anwani za IP za kukodi zinazobadilika kila ombi, kuna vivinjari vilivyofunzwa kujifanya binadamu. Dawa zinauzwa kana kwamba ugonjwa umeshapimwa, na haujapimwa. Kapcha inayokuja baada ya wewe kupewa kurasa 300 haiwezi kuwa kufuli la data, kwa sababu mwenye kufuli angelifunga kabla ya ukurasa wa kwanza. Hilo ni jibu kwa namna unavyoomba, na anayelipa ili fumbo litatuliwe huku mwendo wake ukibaki ule ule amenunua njia ya kutosoma jibu.

Ili kulisoma jibu hilo, anza na kile ambacho seva inaweza kuona. Nia yako haiioni. Haijui kama wewe ni mwanafunzi wa Maseno anayeandika tasnifu au mtu anayetaka kuiba orodha nzima ya wateja. Inaona anwani ya IP, jina ambalo programu imejitambulisha nalo, maombi yanakuja mangapi kwa sekunde, kurasa zinaombwa kwa mpangilio gani, na kama anayeomba anapakua pia picha na mitindo ya ukurasa au anachukua maandishi matupu. Kila moja ya hizo inaongeza au kupunguza shaka. Mfumo wa reCAPTCHA v3 uliotoka mwaka 2018 uliliweka jambo hili wazi: hauonyeshi fumbo lolote, bali humpa mgeni alama kati ya 0.0 na 1.0, na mwenye tovuti ndiye anayeamua alama ikishuka hadi wapi achukue hatua. Mifumo mingine mingi ina hesabu ya namna hiyo nyuma ya pazia. Kwa hiyo fumbo unaloliona ni tokeo la hesabu iliyokuwa ikiendelea tangu ombi lako la kwanza, na ndiyo sababu linaangukia katikati.

Nitoe mfano mmoja ninaoufahamu kwa sababu skripti ilikuwa yangu. Tulikuwa wawili, tukitaka kuwaonyesha wachuuzi wa nafaka bei za masoko ya upande huu, kuanzia Kibuye hadi Luanda na Chwele, tukigeuza bei ya gunia la kilo 90 kuwa bei ya gorogoro, kipimo ambacho mnunuzi wa kawaida anakijua. Tovuti tuliyoitegemea ilikuwa na bidhaa 24 na masoko 60, na kila bidhaa katika kila soko ilikuwa na ukurasa wake. Hizo ni kurasa 1,440 kila jioni. Tulitumia Scrapy, chombo cha kukusanya kurasa za tovuti ambacho tusipokiambia lolote huweza kupeleka maombi 8 kwa wakati mmoja kwenye tovuti moja. Mapumziko kati ya maombi hatukuyaweka. Kila jibu lilichukua kama robo sekunde, maana yake maombi 32 kwa sekunde. Ukurasa wa 300 ulifikiwa chini ya sekunde 10, na hapo ndipo kapcha ilipotukuta. Mtu anayesoma ukurasa mmoja kwa sekunde 5 angehitaji dakika 25 kufika pale pale. Na tuseme ukweli, kasi ile hatukuichagua. Tuliikuta kwenye chombo tukaiacha.

Jambo la kwanza linalostahili kupimwa ni wakati fumbo linapokuja, kwa maana wakati huo ndio unaotaja sababu. Likija kwenye ombi la kwanza kabisa, tatizo halihusiani na kasi. Ni sifa ya anwani yako, au jina la programu yako, kwa mfano `python-requests` likiwa halijabadilishwa, au tovuti imeamua kumhoji kila mgeni. Likija baada ya idadi ile ile ya kurasa hata ukipunguza kasi kwa nusu, kuna kikomo cha idadi, pengine kwa saa au kwa siku. Na ukipunguza kasi fumbo likasogea mbele au likatoweka, basi kilichohesabiwa ni kasi. Sisi tulisimama hadi kesho yake, tukaomba ukurasa mmoja mmoja, tukipumzika sekunde 3 baada ya kila mmoja. Kurasa 1,440 zilichukua saa moja na dakika 18, na hatukuona kapcha hata mara moja. Jaribio moja lilitosha. Anayerudia majaribio kumi usiku mmoja ili aujue mpaka hadi tarakimu ya mwisho anaanza kufanya kile kile ambacho seva ilimshuku nacho.

Kabla ya kufika kwenye hoja, kuna hasara moja ambayo wauza dawa hawaitaji, nayo ilituuma kuliko kusimamishwa kwenyewe. Ukurasa wa kapcha hauji kila mara na alama ya kosa. Mara nyingine seva hujibu 429, maana yake maombi yamezidi, na inaweza kuambatisha kichwa cha `Retry-After` kinachosema usubiri kwa muda gani. Mara nyingine ni 403, yaani umekatazwa, au 503, yaani huduma haipatikani. Lakini tovuti nyingine hutuma fumbo likiwa na 200, namba ile ile inayokuja na ukurasa usio na kosa. Skripti inaona 200, inafurahi, inatafuta bei kwenye ukurasa usio na bei, inapata utupu. Yetu iliandikwa kwamba ikikosa bei ya leo ichukue ya jana, na kwa siku tatu mahindi ya Luanda hayakupanda wala kushuka hata shilingi. Mchuuzi mmoja ndiye aliyetuuliza kama tumelala. Njia ya kugundua ni rahisi: kurasa halisi hutofautiana ukubwa, ilhali kurasa za fumbo hukaribia kulingana, kwa hiyo ukiona majibu mia mbili mfululizo yenye ukubwa ule ule, hayo si bei. Bora zaidi, tafuta kitu ambacho lazima kiwemo kwenye ukurasa wa kweli, na kikikosekana skripti isimame yenyewe:

```python
if r.status_code != 200 or "jedwali-bei" not in r.text:
    print(url, r.status_code, r.headers.get("Retry-After"))
    raise SystemExit("Simama: huu si ukurasa wa bei")
```

Hapa `r` ni jibu la seva kwa maktaba ya `requests`, na `jedwali-bei` ni jina la jedwali kwenye ukurasa wetu. Wewe utaweka la tovuti yako. Angalia kwamba skripti inasimama, hairuki kwenda ukurasa unaofuata. Kuendelea kuomba wakati umeshahojiwa ndiko kunakogeuza fumbo la dakika chache kuwa kufungiwa kwa wiki.

Sasa tuzipime hoja za wanaotaka kulivunja fumbo, kwa sababu si zote ni za kupuuzwa. Ya kwanza ina nguvu: data nyingi tunazozikwangua, yaani kuzikusanya kwa skripti, ni za umma, zimekusanywa kwa kodi yetu, na Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Nakubali kila neno. Lakini haki ya kupata bei ya maharagwe si haki ya kuipata kwa maombi 32 kwa sekunde kutoka kwenye seva ambayo mkulima wa Ahero naye anaifungua kwa simu wakati huo huo. Tena haki hiyo ina njia yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, ambaye ana ofisi hapa hapa Kisumu. Siku 21 ni nyingi kwa mtu anayetaka bei ya leo, hilo silibishi. Ila kwa bei za miaka mitano iliyopita, ambazo ndizo wengi wanazikwangua usiku kucha, siku 21 si kitu.

Hoja ya pili inasema kapcha inawaumiza wasio na hatia, nayo ni kweli kuliko wenye tovuti wanavyokubali. Asiyeona anateswa na zile picha. Na huku kwetu kuna mateso ya ziada: wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa bando za simu, na kampuni za simu hupitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kwa sababu anwani za zamani za IPv4 zimeadimika. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeketi Kondele anaweza kuletewa fumbo kwa makosa ya mtu asiyemjua aliyeko mtaa mwingine. Ni lawama ya haki. Lakini igeuze uione upande wa pili. Ukiendesha skripti yako kwa hotspoti ya simu, unaichafua anwani ambayo si yako peke yako, na jirani ndiye atakayechagua taa za barabarani kesho asubuhi akitaka tu kusoma matokeo ya mtihani. Anwani za kukodi hazikutoi kwenye lawama hiyo, maana nyingi kati yake ni intaneti ya nyumbani kwa watu, na mara nyingine wenyewe hawajui kwamba inakodishwa.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kutatua ni bei rahisi, basi kwa nini nisumbuke kubadilisha kitu? Tuichukue kwa hesabu yake. Mwendo wetu wa zamani ulileta fumbo kila baada ya kurasa kama 300, kwa hiyo kurasa 1,440 zingekuwa mafumbo manne kwa jioni. Kwa bei ya dola 3 kwa 1,000, hiyo ni senti moja na ushee ya dola. Rahisi mno. Kinachosahaulika ni kwamba ithibati unayopewa baada ya kutatua haikai: ya reCAPTCHA inatumika kwa dakika 2, ya Turnstile, kapcha ya Cloudflare, kwa sekunde 300, na kila moja hukubaliwa mara moja tu. Kuki ya ruhusa inayofuata huweza kufungwa kwenye kifaa na anwani iliyotatua fumbo. Mwenzangu alijaribu jambo la kienyeji, akatatua fumbo kwa mkono kwenye kivinjari kisha akainakili kuki kwenye skripti. Ilifanya kazi kwa muda mfupi, kisha fumbo likarudi, safari hii mapema zaidi. Bila shaka lingerudi, maana maombi 32 kwa sekunde yalikuwa yanaendelea, na hesabu ya shaka haifutwi kwa sababu umetambua pikipiki kwenye picha. Baada ya fumbo huja kufungiwa anwani, baada ya anwani huja kukodi nyingine, na kila hatua inaongeza kitu cha kuharibika usiku wewe ukiwa umelala. Bei rahisi ile ni ya fumbo la kwanza tu.

Kuna pia neno la sheria. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinazungumzia mtu anayevunja hatua za usalama kwa nia ya kuingia kwenye mfumo huku akijua hana idhini, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mawakili na wabishane kama kapcha ni hatua ya usalama. Ninachokiona ni kwamba anayelipa watu wamvushe kwenye kizuizi na kukodi anwani za kujificha anayasogelea maneno hayo kwa miguu yake mwenyewe, ilhali aliyepunguza mwendo akajitaja jina amebaki mbali nayo. Hapo ndipo ninapoweka mpaka, kwa sababu wapo wanaosema kupunguza kasi nako ni kumkwepa mlinzi. Sivyo. Kupunguza kasi ni kufanya alichokutaka ufanye. Kukwepa ni kumfanya asikujue wakati unaendelea na kile alichokukataza.

Lakini hata ile saa moja na dakika 18 ilikuwa upumbavu, na hili ndilo ambalo nisingeligundua kama ningenunua dawa. Tukiwa tumesimamishwa, bila kazi ya kufanya, tuliifungua tovuti ile kama wanunuzi, kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Tukakuta kwamba kila bidhaa ina ukurasa wake mkuu wenye jedwali la masoko yote 60 na bei ya karibuni ya kila moja. Kurasa zile 1,440 zilikuwa za historia, na historia tulikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Kurasa 24 zilibeba kila kitu kipya. Tuliziomba moja moja, tukipumzika sekunde 5, na kazi nzima ikaisha kwa dakika 2 na sekunde chache. Scrapy yenyewe haikuhitajika tena. Ninaamini skripti nyingi zinazogonga kapcha ziko hivi: zimeandikwa na mtu aliyetazama umbo la anwani za kurasa, akaona namba zinafuatana, akaanza kuhesabu kutoka 1 kwenda juu bila kuuliza ni kurasa zipi zimebadilika.

Na kujua zilizobadilika mara nyingi hakuhitaji werevu. Tovuti nyingi zina faili la `sitemap.xml` linaloorodhesha kurasa, na kila ukurasa unaweza kuwa na `lastmod`, tarehe ya kubadilishwa kwake. Seva nyingi hutuma kichwa cha `Last-Modified` au `ETag`. Ukikihifadhi na kukirudisha siku inayofuata ndani ya `If-Modified-Since` au `If-None-Match`, seva inaweza kukujibu 304, yaani hakuna jipya, bila kukutumia ukurasa wenyewe. (Jibu la 304 ulishughulikie kabla ya ile mistari ya kusimamisha skripti.) Soma pia `robots.txt`. Utaratibu wake ulianza mwaka 1994, na mwaka 2022 ukaandikwa rasmi kama RFC 9309, waraka wa viwango vya intaneti. Ukikuta humo njia uliyoitaka imekatazwa, hapo huna la kupima tena kuhusu kasi, umeshaambiwa hapana.

Kisha jitaje. Badala ya kuiga jina la Chrome, tuliipa skripti jina la mradi wetu na anwani ya barua pepe kwenye `User-Agent`, kisha tukamwandikia mwenye tovuti. Barua ilikuwa fupi: sisi ni nani, tunachukua kurasa 24 saa 2 usiku kila siku, tunapumzika sekunde 5, data inakwenda kwa nani, na je, ipo njia ambayo mngependa tuitumie? Nilitarajia kimya. Wahandisi wengi hutarajia kimya, ndiyo maana hawaandiki. Jibu lilikuja baada ya siku sita, likisema kila usiku mfumo wao hutengeneza faili moja la CSV kwa matumizi ya ndani na kwamba wangetupa anwani yake. Zile kurasa 24 zikawa faili moja. Mtu wa upande ule aliongeza sentensi niliyoikumbuka: kwamba jioni ile ya kwanza walidhani wanashambuliwa. Simlaumu. Mnamo Julai 2023 Wakenya walikosa huduma za eCitizen kwa sababu ya mafuriko ya maombi bandia, na tangu hapo msimamizi wa seva ndogo akiona anwani moja ikituma maombi 32 kwa sekunde hana sababu ya kudhani ni wapenzi wa bei za mahindi.

Si kila barua itajibiwa hivyo. Kampuni binafsi inayouza data yake itakutajia bei au itakukatalia, na ikikataa basi data ni yake, utafute chanzo kingine. Palipo na majina na namba za simu za watu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata kama kapcha haikuonekana popote, na kurasa zinazohitaji kuingia kwa nywila zisiguswe na skripti bila makubaliano. Wala faili la CSV si muujiza. Letu halina omena, kwa sababu mfumo ule haukusanyi bei ya omena kila siku, na hakuna kasi wala fumbo lililotatuliwa litakaloleta bei ambayo haikuandikwa. Kwa hiyo kila asubuhi mwenzangu anampigia mama mmoja pale ufukwe wa Dunga, anamuuliza gorogoro ni ngapi leo, naye anajibu kabla salamu haijaisha. Inachukua kama dakika moja.